Mzunguko wa mpira si nguvu za mkono: dhana ninazozisikia kila wiki ukumbini

Kila wiki kuna mzazi anayenivuta kando ya meza na kuniambia maneno yale yale: "Mwalimu, huyu wangu bado mdogo, mkono hauna nguvu. Mambo ya kuzungusha mpira atajifunza akikua." Akiwa ni mzazi wa msichana, hata hilo "akikua" huwa halisemwi. Nafundisha mpira wa meza katika ukumbi wa jamii hapa Mombasa, na maneno hayo yamenichosha, kwa sababu watoto huyaamini. Mtoto aliyeambiwa kwamba mzunguko ni nguvu hukaza mkono na kuupiga mpira kwa kishindo. Mpira ukitoka nje, anajihesabu dhaifu.

Nitaeleza kwa kisa cha binti wa miaka kumi na mmoja na jirani yake, karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, ambao mazoezi yao niliyafuatilia nikiwa meza ya pili.

Dhana: mzunguko unatokana na nguvu

Binti alianza kuja ukumbini jioni kwa sababu mzee alikuwa akikosa mtu wa kucheza naye. Mzee alikuwa na namna moja ya kuanzisha mpira: anaukata kwa chini, unavuka wavu polepole, unadunda mara moja upande wa binti kama mpira wa kawaida tu. Binti akiugusa, unazama wavuni. Akiongeza nguvu, unazama wavuni kwa kasi zaidi. Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, akasema kwa sauti kwamba mzee ana mkono mzito, amhurumie mtoto.

Mzee hakuwa na mkono mzito. Ni mtu wa miaka sabini na zaidi ambaye bega moja halipandi vizuri. Siku ya pili alikuja na baiskeli yake, akaipindua katikati ya ukumbi, tandiko na usukani vikawa chini.

"Shikamoo, babu. Imeharibika?"

"Marahaba, mwanangu. Nzima. Hebu lipige gurudumu hili kofi, lipige hasa, hapa mbele ya tairi, ukilenga katikati."

Binti akapiga. Kiganja kikamwasha, baiskeli ikatikisika, gurudumu likasogea kidogo likasimama.

"Sasa usilipige. Lipapase kwa juu, upite nalo haraka."

Akapitisha vidole juu ya tairi, gurudumu likazunguka mpaka njiti za chuma hazikuonekana.

Hapo ndipo palipo na ukweli wote. Nguvu ikielekezwa katikati ya kitu cha duara, inakisukuma. Ikipita ukingoni, inakizungusha. Mpira wa meza una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7, hauhitaji misuli kuuzungusha. Unahitaji raketi ipite ukingoni mwake kwa haraka, na raba iukamate badala ya kuteleza. Raketi na mpira hugusana kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo hakuna nafasi ya "kuuzungusha" baada ya kuugusa. Mwelekeo wa raketi wakati inapofika ndio unaoamua.

Tena kuna mgawanyo ambao wachezaji wengi hawaufikirii. Mwendo wa raketi ni ule ule mmoja: sehemu yake inaugeukia mpira na kuusukuma mbele, sehemu nyingine inaupapasa na kuuzungusha. Anayegonga kwa uso mzima wa raketi ametumia karibu mwendo wote kwa kasi. Ndiyo sababu kijana mwenye mabega mapana anaweza kupiga mpira wa kutisha usio na mzunguko wowote, na mzee mwenye bega bovu akatoa mpira wa polepole unaokuzamisha wavuni.

Sisemi kwamba kasi ya mkono haina maana. Wacheza wakubwa wanazungusha zaidi ya watoto kwa sababu raketi yao inakwenda mbio zaidi. Ila kasi ni jambo la pili. Ukiongeza kasi kabla ya kupata mpapaso mwembamba, unaongeza kishindo tu.

Baada ya gurudumu, mzee hakumrudisha binti mezani. Alimpeleka sakafuni, na hapa nampongeza, kwa sababu walimu wengi tuna haraka ya meza. Alimwambia aurushe mpira juu kidogo, alaze raketi karibu iwe bapa, aukate mpira kwa chini akisogeza raketi mbele. Mpira ukidunda sakafuni na kurudi kwake, amefanikiwa. Ukiendelea mbele, hajafanikiwa. Zoezi hili halidanganyi, na mtoto hahitaji mtu wa kumwambia kama amepatia.

Mipira ya kwanza ilikwenda mpaka mlangoni. Nilisikia kosa kabla ya kuliona: kila mguso ulitoa mlio wa "ko!" kama mlango unaobishwa. Mpapaso mzuri hutoa mkwaruzo hafifu tu. Mzee alimwambia afumbe macho asikilize yeye anapokata, kisha asikilize wake. Halafu alitazama vidole vyake. Binti alishika raketi kama nyundo, vidole vyote vitano vimekaza, kifundo hakichezi. Mzee akavilegeza vidole vitatu vya chini, akabakisha gumba na kidole cha shahada kuibana.

Kisha likaja kosa la upande wa pili: alipapasa kwa wembamba kupita kiasi, raketi ikapita chini ya mpira bila kuugusa, au mpira ukaanguka miguuni pake. Wazazi wakiona hivyo huona mtoto amerudi nyuma. Mimi hufurahi, kwani aliyekuwa anagonga katikati na sasa anakosa kwa unywele ameshabadilisha njia ya raketi. Kilichobaki ni kuongeza kidogo unene wa mguso. Kabla ya ukumbi kufungwa, mpira ulisimama mbele yake, ukasita, ukarudi ukimfuata miguuni. Mkono ni ule ule, na mwili ni ule ule uliosemwa hauna nguvu.

Dhana: mpira wa mzunguko unarudishwa kwa kupiga kwa nguvu zaidi

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza. Mpira uliokatwa, unapokufikia, uso wake unaoelekea kwako unapanda juu. Ukigusa raba yako, unaikwangua kwenda juu, nayo raba inaujibu kwa kuusukuma chini. Ndiyo maana unazama. Dawa ni kufungua raketi, yaani uso wake utazame juu kidogo, na kuusukuma mpira taratibu ukipita chini yake. Mpira wa mzunguko wa mbele ni kinyume: uso unaokuelekea unashuka, raba inaurusha juu, mpira unapita mwisho wa meza. Huo ufungie raketi, uso utazame chini.

Binti alipoambiwa hivyo aliuliza swali zuri: "Nitajuaje ni upi, babu?" Mzee alichukua kalamu ya wino mzito akachora mstari kuuzunguka mpira mzima. Mpira usiozunguka, mstari unaonekana wazi ukiwa hewani. Unaozunguka sana, mstari unapotea kwenye ukungu. Lakini hiyo inakuonyesha kiasi tu. Upande wa mzunguko unausoma kwa mwenzako, si kwa mpira: tazama raketi yake inapogusa, imepanda, imeshuka au imekwenda pembeni. Watoto wengi wanatazama uso wa mpinzani. Uso hauzungushi kitu.

Dhana: bila raba ghali huwezi kuzungusha

Hapa kuna chembe ya ukweli, na inatumiwa vibaya. Raketi nyingi za ukumbini raba yake imekauka, inang'aa kama kioo, na juu yake mpira unateleza. Kwa raketi hiyo hata bingwa hatazungusha sana. Kupima ni rahisi: ubonyeze mpira juu ya raba kwa vidole, kisha jaribu kuuburuta. Ukishika, raba iko hai. Ukiteleza kama juu ya meza, imekufa.

Lakini mara nyingi haijafa, imechafuka. Ukumbi wetu una vumbi, na hewa ya huku pwani ina unyevu. Vyote viwili vinaondoa mshiko. Ushauri wangu wa kila siku, ambao wanafunzi wangu wanaukariri hata nikinyamaza: futa raba kwa kitambaa safi chenye maji kidogo, iache ikauke, ifunike kwa karatasi laini ya plastiki. Futa na mpira pia. Ukishafanya hivyo ndipo uje tuzungumze habari ya kununua. Mzee alimwazima binti raketi yake ya pili, yenye raba ya kawaida lakini safi, na ndiyo iliyorudisha mpira.

Dhana: mpira unapinda kwa sababu ya feni

Feni kali inaweza kuusumbua mpira mwepesi hivyo, sikatai. Ila mpira unaozunguka hujipinda wenyewe, kwa sababu unaiburuta hewa iliyo karibu yake na kuielekeza upande mmoja, nao unasukumwa upande wa pili. Mzunguko wa mbele huuinamisha mpira kwenda chini haraka, na hiyo ndiyo siri ya wanaopiga kwa nguvu na mpira bado ukaingia mezani. Wa pembeni huupinda kushoto au kulia. Zima feni ujionee.

Dhana: mzunguko wa kuanzisha unaanzia vidoleni

Binti alipofika mezani kuanzisha, alianza kuusokota mpira kwa vidole wakati wa kuurusha, kama alivyoona vijana wakubwa wakifanya. Mama yake akapiga makofi. Mimi nilimsimamisha hapo hapo. Sheria inataka mpira ukae huru juu ya kiganja kilichofunguliwa, urushwe karibu wima, upande angalau sentimita 16 baada ya kuachana na kiganja, bila kuzungushwa na mkono, na ugongwe ukiwa unashuka. Tena usifichwe kwa mwili wala nguo. Ukizoea kusokota mtaani, mwamuzi wa kwanza utakayekutana naye mashindanoni atampa mpinzani wako pointi.

Kuna faida ya kiufundi pia. Wavu una urefu wa sentimita 15.25 tu, na mpira uliokatwa hufaa uvuke karibu nao. Ukiuacha ushuke mpaka usawa wa juu kidogo ya wavu ndipo uukate, unavuka chini. Ukiukata ungali juu, unadunda sana, na mpinzani anaupiga smeshi. Binti alirusha, akasubiri, akakata. Mpira ulidunda upande wa mzee mara mbili, wa pili ukirudi kuelekea wavuni, na mzee, aliyekuwa amenyoosha raketi mapema, hakuufikia.