Pesa inatumwa, nyanya bado anachoka

"Mama yake yuko Saudia anatuma pesa kila mwezi, sasa nyanya analalamika nini?"

Pesa hailei mtoto, na pia haiji vile watu wanadhani. Dadangu alipoenda Riyadh kazi ya nyumbani mshahara wa kwanza ulichelewa, so mamangu hapa Kilifi, ndiye nyanya aliyeachiwa mtoto, alikuwa anachukua unga kwa deni dukani na hakumwambia mtu, na ilipoingia Mpesa ya kwanza karibu yote ikaisha kwa hilo deni.

Ngumu zaidi ni nani mwenye usemi. Mtoto akikatazwa simu anapigia mamake Whatsapp, mamake anamhurumia juu ya umbali anamwambia chukua tu, na hapo neno la nyanya linaisha nguvu. Siku hizi dadangu na mamangu wanaongea kwanza ndio mtoto ajibiwe, imesaidia sana aisee.

Lakini usiku yule mdogo hasinzii mpaka ashike leso ya nyanyake, na mamangu kwa miaka yake 67 amejifunza kusoma meseji kwa sababu ya huyo mjukuu, wanakaa jikoni mjukuu anamfundisha herufi moja moja.