Vifungo vya ziada na vidole vilivyogandana: nini cha kuandika kwenye Negative prompt

Mtu ana picha yake nzuri aliyopiga akiwa na fulana. Anaitaka picha ile ile, uso ule ule, mkao ule ule, ila avae shati jeupe la mikono mirefu. Anapaka brashi juu ya fulana kwenye programu ya akili mnemba, anaandika anachotaka, anabonyeza, na shati linakuja. Kwa mbali linapendeza. Ukilikuza unakuta vifungo vimeshuka safu mbili kama vya koti la gwaride, mkono wa kushoto wa shati umetiririka ukawa kiganja bila kuishia popote, na kidole cha shahada na cha kati vimekuwa kimoja chenye kucha mbili.

Picha za namna hii ndizo tunazoletewa zaidi kwenye kitengo chetu. (Nazungumzia picha ya mtu mwenyewe, au ya aliyeridhia. Anayetaka kumbadilisha mwenzake nguo bila ridhaa hatumsaidii.) Na karibu kila mara mwenye picha ameshajaribu kuzuia. Kwenye kisanduku cha `Negative prompt` amebandika mlolongo aliounakili mahali, kwa kawaida kitu kama hiki:

```
ugly, bad anatomy, bad hands, deformed, mutated, extra limbs, worst quality, no extra buttons
```

Tuanze na neno la hovyo kuliko yote hapo, `no`. Kisanduku chenyewe tayari kinamaanisha "usitake hiki". Ukiongeza `no` hupati msisitizo, maana modeli hizi hazisomi ukanushi kama tunavyousoma sisi. Zinaokota `buttons` na kuipita `no` kama haipo. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiandika `no buttons` kwenye kisanduku cha maelekezo ya kawaida, vifungo ndivyo vitakavyokuja kwa wingi.

Ili kujua maneno gani yanafaa, inabidi kuona kisanduku hiki kinafanya nini hasa. Modeli ya aina ya Stable Diffusion huanza na chengachenga, kama zile za televisheni isiyo na mawimbi, kisha inazisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Katika kila hatua inakisia mara mbili: picha ingeelekea wapi kwa kufuata maelekezo yako, na ingeelekea wapi kwa kufuata yale uliyoyakataa. Kisha inajisogeza kutoka kwa la pili, yaani hasi, kuelekea la kwanza, yaani chanya:

```
matokeo = hasi + CFG × (chanya − hasi)
```

CFG ni ile namba ya `CFG Scale`, ambayo kwa Stable Diffusion ya kawaida huwekwa karibu na 7. Sasa weka 1 mahali pake: hasi inajifuta yenyewe, inabaki chanya peke yake. Maana yake ni kwamba ukiwa unatumia modeli inayoendeshwa kwa CFG ya 1, unaweza kujaza kisanduku ukurasa mzima na hakuna hata herufi moja itakayofanya kazi. SDXL Turbo iko hivyo, na FLUX.1 dev kwa mpangilio wake wa kawaida pia. Wapo waliopoteza jioni nzima wakibadilisha maneno huku namba hiyo ikiwa 1. Iangalie kabla ya kitu kingine chochote.

Kanuni hiyo inatuambia jambo jingine. Modeli inaweza kukimbia tu kile inachoweza kukichora. Ikijua sura ya kitu, itajua pia pa kukikwepa. Kuijua kunatokana na maelezo yaliyoandikwa na watu chini ya picha zilizotumika kuifundisha, na mengi yao ni ya Kiingereza, ndiyo maana maneno haya tunayaandika kwa Kiingereza. Jiulize basi: ni nani aliyewahi kupiga picha ya shati halafu akaandika chini yake `melted sleeves`? Hakuna. Maneno kama `bad anatomy` na `bad hands` yalipata umaarufu kwenye modeli zilizofundishwa kwa michoro ya katuni za Kijapani, ambako wapenzi wake kweli huweka lebo hizo kwenye michoro iliyokosewa. Kwenye modeli ya picha halisi hayana mzizi wa kushika. Kwa hiyo usitaje kosa. Taja kitu halisi, chenye jina, kinachofanana na kosa hilo.

Chukua vifungo. `extra buttons` inaonekana sahihi, lakini modeli haihesabu. Haijui kwamba saba vinatosha na cha nane kimezidi, na neno zito hapo ni `buttons`. Ukilitilia mkazo, vifungo vyote vinaondoka, unabaki na shati lililoshonwa kama gunia. Nguo yenye safu mbili za vifungo ina jina lake katika ulimwengu wa mavazi: `double-breasted`. Picha za makoti ya aina hiyo zimejaa kila mahali zikiwa na jina hilo hilo, kwa hiyo modeli inaijua sura yake vizuri na inaweza kuikwepa. Vifungo vilivyotapakaa kifuani bila mpango tunavikamata kwa `decorative buttons`. Kisha upande wa chanya unaeleza vifungo unavyovitaka vikae wapi, maana kukataa peke yake hakujengi shati.

Kwenye picha niliyoanza nayo, hata hivyo, maneno hayo hayakutosha, na sababu haikuwa maneno. Mwenye picha alikuwa ameiagiza itoke kwa pikseli 1536 kwa 2048 akitumia SDXL, ambayo imefundishwa kwa picha zenye ukubwa wa karibu 1024 kwa 1024. Ukiivusha mbali na hapo, modeli huanza kurudia vitu: kola mbili, mifuko minne, safu mbili za vifungo. Hilo halizuiliki kwa neno lolote. Tuliishusha picha hadi 864 kwa 1152, uwiano ule ule wa picha ya simu, na safu ya pili ikafifia hata kabla hatujagusa maandishi. Ukubwa unaongezwa mwishoni, shati likishakaa sawa.

Baada ya hapo tuliandika upande wa chanya hivi:

```
man wearing a white long-sleeved dress shirt, single row of small white buttons on the front placket, buttoned cuffs ending at the wrists, cotton, natural folds
```

Na upande wa hasi, mfupi:

```
(double-breasted:1.3), decorative buttons, latex, wet clothes, body paint, gloves
```

Ile 1.3 ni uzito wa neno. Mimi huishia kwenye 1.4, kwa sababu ukizidisha kitambaa kinaanza kuwa na rangi kali kana kwamba kimeungua.

Maneno matatu ya katikati, `latex, wet clothes, body paint`, ndiyo ya mikono iliyoyeyuka. Kitambaa kinachonata kwenye ngozi bila mkunjo, kinachong'aa na kukosa ukingo, kinafanana na nguo ya mpira, nguo iliyolowa au rangi iliyopakwa mwilini, na vyote hivyo vina picha na majina. Lakini kinachofanya kazi kubwa zaidi ni `buttoned cuffs ending at the wrists` kwenye upande wa chanya. Mkono wa shati huyeyuka kwa kuwa modeli haijaambiwa uishie wapi. Ikipewa pindo lenye kifungo kwenye kifundo cha mkono, inapata mstari wa kuchora, na ngozi inaanzia pale mstari unapokoma.

`gloves` pale mwisho ni kwa ajili ya jambo linalowashangaza wengi. Shati likiwa jeupe, weupe wake hupenda kuteleza mpaka kwenye vidole, mkono ukaonekana umevaa glavu nyembamba. Neno hilo moja lilisafisha kiganja cha kulia mara ya kwanza tu tulipoliweka.

Kiganja cha kushoto kilibaki na vidole vilivyogandana, na hapa kuna ukweli usiowapendeza watu: njia bora ya kulinda vidole ni kutovipaka brashi. Picha ya awali ina vidole vizuri, vimepigwa na kamera. Kinachopaswa kubadilika ni nguo. Brashi ikiishia kwenye kifundo cha mkono, modeli haina ruhusa ya kuvigusa. Mwenye picha alikuwa amepaka mpaka kwenye kucha.

Mkono ukiwa umelala juu ya nguo yenyewe, kwa mfano umekamata tumbo au ukosi, kuukwepa kabisa ni vigumu, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Kwa nini vidole hugandana? Stable Diffusion haichori pikseli moja moja. Inafanya kazi kwenye picha iliyofinywa mara 8 kwa upana na mara 8 kwa urefu, chumba kimoja kikibeba pikseli 8 kwa 8. Kidole chenye upana wa pikseli 20 kinapata vyumba viwili au vitatu tu, na mwanya kati ya kidole na kidole haupati hata kimoja. Unaweza kuandika `fused fingers` hata mara kumi, mwanya hauna pa kukaa.

Dawa yake ni kuurudia mkono peke yake. Tulipaka brashi kiganja tu, tukachagua `Only masked`, ambayo inakata sehemu hiyo, inaikuza, inaichora, kisha inairudisha. Eneo la karibu pikseli 256, ukingo wake ukiwemo, lilichorwa kwa 1024, yaani kidole cha pikseli 20 kikapata pikseli 80 na vyumba kumi. `Only masked padding`, yaani upana wa ukingo huo kuzunguka sehemu iliyopakwa, ambayo kawaida huja ikiwa 32, tuliipandisha ili modeli ione na kifundo pamoja na pindo la shati. Isipoviona, huchora kiganja kilichoelekea upande usiolingana na mkono. `Denoising strength`, yaani kiasi modeli inachoruhusiwa kubadilisha, tuliiweka 0.4, ya kutosha kutenganisha vidole bila kubuni mkono mpya. Hapo ndipo maneno ya hasi ya vidole yanapopata kazi:

```
mittens, gloves, webbed fingers
```

`mittens`, glavu zinazofunika vidole vinne pamoja kwenye mfuko mmoja, ni kitu halisi kinachofanana kabisa na vidole vilivyoungana. Kwa maoni yangu linafaa kuliko `bad hands`.

Ili kujua neno fulani limesaidia au bahati tu imekuangukia, funga namba ya `Seed`. Ikiwa ni -1, kila picha inaanza na chengachenga zake na huwezi kulinganisha chochote. Ifunge, ondoa neno moja, tengeneza tena, weka picha mbili kando kwa kando. Neno ambalo halikubadilisha kitu kwenye namba tatu tofauti, lifute. Mlolongo ule wa kunakili ulibaki na maneno sifuri tulipoupima hivi kwenye picha ya shati.

Ukaguzi wa mwisho fanya ukiwa umekuza mara mbili. Fuata vifungo kutoka kwenye kola kwenda chini: viwe kwenye mstari mmoja, nafasi zilingane, na vikae juu ya mkanda wa kitambaa. Zungusha jicho kwenye pindo la mkono mpaka lirudi lilikoanzia. Kwenye vidole usihesabu vidole, hesabu kucha na mianya. Kwetu ilikuwa kucha nne na mianya mitatu, kidole gumba kikiwa kimejificha nyuma ya shati, kama kilivyokuwa kwenye picha ya fulana.