Mediani ya data inayotiririka kwa hipu mbili: mambo ambayo watu wanayaelewa vibaya

Tuseme una seva, kila ombi likijibiwa unapata namba ya milisekunde, na unataka wakati wowote ujue mediani, yaani namba ya katikati zikipangwa, ya zote zilizopita hadi sasa. Zimeingia 41, 35, 62, 38, halafu moja imekwama ikatoka 900. Wastani unaruka hadi 215.2 wakati mediani iko 41 tu, ndo maana watu wanaitaka. Njia inayojulikana ni hipu mbili: `ndogo` inabeba nusu ya namba za chini na kichwani inaweka iliyo kubwa kuliko zote humo, `kubwa` inabeba nusu ya juu na kichwani inaweka iliyo ndogo kuliko zote. Mediani inakaa hapo vichwa viwili vinapokutana.

Dhana: hipu ni orodha iliyopangwa.

Hapana. Hipu ni mti wa namba, na inakuahidi kitu kimoja tu: kwenye `ndogo` mzazi hazidiwi na watoto wake, kwenye `kubwa` mzazi hawazidi watoto wake, basi. Baada ya zile namba tano, `ndogo` ndani yake imekaa 41, 35, 38, unaona haijapangwa, na wala haihitaji kupangwa maana sisi tunaangalia kichwa peke yake. Huo uvivu ndo unaofanya iwe rahisi.

Dhana: ukishasawazisha idadi umemaliza.

Hii ndo inaumiza watu kweli. Mtu anasikia "hipu zisipishane zaidi ya moja" anaamua kugawa kwa zamu, ya kwanza huku, ya pili kule. Jaribu na namba zetu: `ndogo` inapata 41, 62, 900, `kubwa` inapata 35 na 38. Idadi ni tatu kwa mbili, usawa safi kabisa, na mediani unayosoma kichwani ni 900! Programu haijalalamika popote, jibu tu ndo bovu.

Masharti ni mawili na yanaenda pamoja: idadi zisipishane zaidi ya moja, NA kichwa cha `ndogo` kisizidi kichwa cha `kubwa`. Ukitaka kujua kama umeharibu, linganisha vichwa kila baada ya kuingiza, hapo juu 900 dhidi ya 35 ingekushtua mara moja.

Namna ninayoipenda mimi ni kuipitisha kila namba kwenye hipu zote mbili, huhitaji `if` nyingi za kuuliza iende wapi:

```python
import heapq
ndogo, kubwa = [], []

def ongeza(x):
    y = -heapq.heappushpop(ndogo, -x)
    heapq.heappush(kubwa, y)
    if len(kubwa) > len(ndogo):
        heapq.heappush(ndogo, -heapq.heappop(kubwa))
```

Alama ya kutoa ipo kwa sababu `heappush` na wenzake wanaweka ndogo kichwani, kwa hiyo tunageuza namba ili kubwa ionekane ndogo. Sasa fuatilia 38 ikiingia: `ndogo` ilikuwa na 35 na 41, `kubwa` ina 62. Inaingia 38, iliyo kubwa kuliko zote ndani ya `ndogo` ni 41, inasukumwa hadi `kubwa`, zinabaki 35 na 38 dhidi ya 41 na 62, idadi sawa, mediani ni katikati ya 38 na 41 yaani 39.5. Ikija 900 inapita moja kwa moja hadi `kubwa`, upande ule unazidi, 41 inarudishwa, na ndo mediani yako.

Dhana: si bora nipange tu kila mara, au niingize mahali pake kwenye orodha iliyopangwa?

Kwa data chache sawa kabisa, `bisect.insort` inatosha na sioni sababu ya kuhangaika. Ila kuna mtego, kutafuta mahali ni haraka lakini kupisha nafasi siyo: ukiwa na namba 1,000,000, kuingiza moja kunasogeza kama 500,000 kwa wastani. Hipu ya ukubwa huo ina ngazi kama 20, kwa hiyo kila namba mpya inagharimu hatua za kiwango cha `log n`, `n` ikiwa idadi ya namba, na kusoma mediani ni kuangalia vichwa tu, gharama haikui.

Dhana: inatiririka, kwa hiyo memori ni kidogo.

Hipu mbili zinatunza kila namba iliyowahi kuingia, memori inakua na `n`. Huwezi kutupa zilizo mbali na katikati kwa sababu kesho mkondo ukishuka mediani inaweza kurudi huko. Munro na Paterson walishaonyesha mwaka 1980 kwamba ukipitia data mara moja tu na unataka mediani kamili, huwezi kukwepa memori ya kiwango cha `n`. Kama haiwezekani kuibeba, kubali jibu la kukadiria.

Na ukitaka mediani ya maombi 1,000 ya mwisho tu, hipu haijui kufuta kitu kilicho katikati yake. Watu wanaiwekea namba iliyoisha muda alama ya kwamba imekufa, kisha wanaitoa siku ikifika kichwani. Inafanya kazi vizuri, ila hapo usawa uhesabu walio hai tu, ukitumia `len` itahesabu na wafu na mediani itaanza kuteleza taratibu bila kosa lolote kuonekana.