Zamu za Jumapili na sikukuu kwa duka la watu watano: kuzungusha peke yake hakutoshi

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Nilikuwa nimekaa na mwenye duka moja la vyombo hapa Tanga, daftari la mishahara liko mezani, namweleza kwa nini wafanyakazi wake wananung'unika kuhusu Jumapili. Akanikatisha: "Kaka, hilo nalo la kuumiza kichwa? Wako watano, si unawazungusha tu?" Nafanya hesabu za maduka madogo na kupanga zamu ni sehemu ya kazi yangu. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii naijibu kwa maandishi.

Duka lenyewe ni la kawaida. Kuna msimamizi, keshia na wauzaji watatu. Linafunguliwa siku saba. Jumamosi wanahitajika wote, kwa sababu ndiyo siku ya mauzo. Jumapili wanatosha wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu asifanye kazi zaidi ya siku sita kwa wiki, na saa za kawaida zisizidi 45. Duka likimweka mtu saa tisa kwa siku sita anafikisha 54, kwa hiyo tisa za juu ni ovataimu na hulipwa mara moja na nusu. Hilo sitalirudia.

Kila wiki, basi, watatu wanapumzika Jumapili, na wale wawili walioingia wanapewa ofu katikati ya wiki. Jumapili kumi zina nafasi ishirini za kazi, ukigawa kwa watano kila mtu anapata nne. Hapo ndipo mwenye duka anaponiangalia kama mtu aliyekuja kumlia hela yake bure.

Sasa niambie: Jumapili jioni nani anafunga mahesabu? Nani ana funguo za droo na za mlango wa nyuma? Katika duka hilo ni msimamizi na keshia tu. Maana yake kila Jumapili lazima mmoja wao awepo. Kwa Jumapili kumi zinahitajika nafasi kumi za mwenye funguo, na wao wawili haki yao ni nane tu. Huwezi kuzungusha ukaikwepa hesabu hiyo. Nilifungua daftari la zamu tukahesabu pamoja kwa kidole: keshia alikuwa ameingia Jumapili tano kati ya kumi zilizopita, msimamizi tano, wauzaji watatu wakagawana kumi zilizobaki. Yaani mwenye funguo yuko kazini nusu ya Jumapili zake zote, muuzaji theluthi moja. Keshia hakuwa mlalamishi. Alikuwa anahesabu vizuri kuliko bosi wake.

Dawa yake haiko kwenye karatasi ya zamu. Ni kumfundisha mtu wa tatu: kuhesabu droo, kulinganisha fedha na risiti, kuandika upungufu ukiwepo, kufunga na kukabidhi funguo kwa saini. Wakishakuwa watatu, haki yao kwa Jumapili kumi inakuwa nafasi 12 na zinazohitajika ni kumi. Kila mtu anapata nne bila kumwonea yeyote, na Jumapili mbili zinabahatika kuwa na wenye funguo wawili. Wenye maduka wengi wanasita hapa, wanaogopa mikono mingi kwenye pesa. Naielewa hofu hiyo. Lakini basi wamlipe mwenye funguo kwa Jumapili anazobeba zaidi ya wenzake, wasimwambie kwamba mzunguko ni sawa kwa wote.

Jambo la pili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halionekani ukiangalia wiki mojamoja. Mfanyakazi atakayeingia Jumapili apewe ofu siku gani? Kila mwenye duka atakwambia Jumatatu, kwa sababu Jumatatu wateja ni wachache. Ifuate siku kwa siku. Muuzaji anapumzika Jumatatu. Jumanne anaingia, anakwenda hivyo mpaka Jumapili yake ya zamu: siku sita. Wiki inayofuata ofu yake ni Jumapili, kwa hiyo anaingia tena Jumatatu mpaka Jumamosi: sita nyingine. Amefanya kazi siku 12 mfululizo, na kwenye karatasi kila wiki ina ofu moja. Msimamizi hajavunja chochote anachokiona. Lakini siku ya tisa au ya kumi utamkuta muuzaji amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nyuma ya rafu, mteja anauliza bei ya sufuria, naye anamtazama kama hajasikia. Bosi anaita huo uvivu.

Ofu hiyo hiyo ukiisogeza Ijumaa, anafanya siku nne, anapumzika, kisha nane. Ukiipeleka Alhamisi ni tatu kisha tisa. Bado nane ni nyingi, lakini si 12. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba wawili wa Jumapili wapate ofu Alhamisi na Ijumaa ya wiki ile ile, na wabadilishane. Ijumaa inawafaa pia Waislamu kwa sababu ya swala. Wapo wanaoniuliza kwa nini asipumzike Jumatatu inayofuata Jumapili aliyofanya. Kwa mwili ni mpangilio mzuri, siku saba halafu tano. Tatizo ni kwamba wiki ile ya kwanza inabaki bila mapumziko kabisa, na sheria inataka angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Ukimwita mtu ndani ya mapumziko hayo, lazima mkubaliane kwa maandishi na umlipe mara mbili kwa kila saa. Ukiwa tayari kulipa hivyo, sina ugomvi.

Tuje kwenye sikukuu. Kwa kalenda ya Tanzania bara mimi huhesabu 17, nikiacha Jumapili ya Pasaka ambayo iko kwenye zamu za Jumapili. Duka likifunguliwa zote kwa watu wawili wawili, ni nafasi 34, karibu saba kwa kila mtu. Na hapa nasikia lile jibu lingine la haraka: Waislamu wafanye Krismasi, Wakristo wafanye Idd, kila mtu ameridhika.

Katika duka hili Waislamu ni watatu na Wakristo wawili. Idd el Fitr siku mbili, Idd el Hajj na Maulidi ni siku nne, na Wakristo ni wawili tu, kwa hiyo wanaingia wote wawili siku zote nne. Upande wa pili, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na siku inayofuata ni nne pia, lakini nafasi nane zinagawanywa kwa Waislamu watatu: wawili wanapata tatu tatu, mmoja mbili. Mabadilishano yenyewe ni ya heshima na wafanyakazi wanayapenda. Hesabu yake ndiyo haiko sawa, na inasawazishwa na sikukuu tisa zilizobaki: Mwaka Mpya, Mapinduzi, Karume, Muungano, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Siku ya Nyerere na Uhuru. Hizo zina nafasi 18. Wakristo wachukue tatu tatu, Waislamu nne nne. Mwisho wa mwaka wanne wana saba na mmoja ana sita. Yule wa sita ndiye anayeanza na Mwaka Mpya unaofuata.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kufanya kazi sikukuu ni mzigo. Kwa wengine si mzigo hata kidogo. Saa ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi, na kuna muuzaji aliyenifuata pembeni akaniomba nimpangie zote tisa za kitaifa kwa sababu ana ada ya mtoto. Huyo ukimpunguzia unamnyang'anya pesa ukidhani unamhurumia. Ndiyo maana naweka safu mbili kwenye daftari, moja ya sikukuu alizofanya mtu, nyingine ya fedha za sikukuu alizopokea. Anayetaka zaidi anaandika mwenyewe, na hapewi mpaka wenzake wameulizwa. Na mwenye duka anayesema "nitakupa siku nyingine badala ya malipo" ajue kwamba sheria inataja malipo, haitaji siku nyingine.

Angalia pia sikukuu inapoangukia ofu ya mtu. Mwaka 2025, kuanzia Aprili 7 mpaka Mei 1, zilikuwepo sikukuu tano, na mbili kati yake, Karume na ile ya baada ya Pasaka, ziliangukia Jumatatu. Mtu mwenye ofu ya kudumu Jumatatu alikosa mara mbili: hakupata pumziko la ziada wala malipo maradufu. Mimi namhamishia ofu siku nyingine ya wiki hiyo. Ni sababu nyingine ya kutompa mtu yeyote ofu ya kudumu.

Kuna mambo mawili sijayapatia jibu. Niliwahi kuweka pointi, Krismasi tatu, Nanenane moja, nikaziacha, kwa sababu sikujua ni nani mwenye haki ya kusema Idd ya mtu ina uzito kiasi gani. Siku hizi namwacha kila mmoja ataje siku moja kwa mwaka ambayo hataguswa, na hapo nasimama. La pili ni kubadilishana zamu. Nikikuta muuzaji mpya ameachia Jumapili zake tatu mfululizo kwa "hiari", sijui kama ni hiari kweli au ameshindwa kumkatalia dada mkubwa wa kaunta. Naandika nani aliomba na nani alikubali, na jina likijirudia kwenye safu ya waliokubali namuuliza akiwa peke yake. Mara nyingi ananijibu hakuna shida. Sina uhakika kwamba naambiwa ukweli.

Mwisho, Idd usiiandike kwa tarehe. Andika jina, Idd Mosi na Idd Pili, na chini yake weka wiki mbili kamili za zamu: moja mwezi ukiandama, nyingine usipoandama. Zibandike zote ukutani siku kumi kabla. Usiku wa tangazo msimamizi anatuma ujumbe wa neno moja kwenye kundi la duka, "ya kwanza" au "ya pili", na keshia anajua kama kesho ndiye mwenye funguo.