Kuomba maoni ya kweli juu ya skripti ni kuomba nini hasa?

Maoni ya kweli juu ya rasimu ya skripti ni msomaji mzoefu kukueleza kilichompata alipokuwa akisoma: wapi hadithi ilimshika, wapi alipotea, wapi aliacha kumwamini mhusika. Basi.

Tatizo ni barua zinazoanza na "naomba maoni yako ya kweli" na kuishia na "ukiipenda, niunganishe na mtayarishaji". Mwongozaji mkongwe akiombwa yote mawili kwa pamoja, anajua kila kasoro atakayoitaja itasomwa kama kukataa kusaidia. Atasifu wazo lako, atakutakia heri, na hutajifunza chochote.

Chukua skripti ya kurasa 96. Kwa makadirio ya kawaida ya ukurasa mmoja kwa dakika moja, hiyo ni filamu ya saa moja na nusu na ushee, na kuisoma kwa makini kunaweza kula saa mbili za mtu. Barua yake iwe hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Naambatanisha rasimu ya pili, kurasa 96. Dada anauza nyumba ya marehemu mama yao bila kumwambia kaka yake. Anasaini mkataba ukurasa wa 58: je, ulipofika hapo ulishaielewa sababu yake? Na popote ulipotamani kuruka, niandikie namba ya ukurasa tu. Ukishasoma, naomba dakika 20 za mazungumzo, kwa simu au ana kwa ana, siku itakayokufaa. Bado niko tayari kubomoa."

Sababu yenyewe haikutajwa. Ukiitaja, msomaji ataiona hata kama haimo kwenye skripti. Na hilo la kubomoa liwe kweli. Kama upigaji picha unaanza wiki ijayo, hiyo si rasimu tena.

Halafu kuna wanaodhani maoni ni maagizo. Mwalimu akisema alichoka ukurasa wa 30, wanakata ukurasa wa 30. Uchovu wake ni wa kweli, lakini huenda chanzo kiko ukurasa wa 12, ambapo deni la dada lilipaswa kuonekana na halikuonekana, kwa hiyo kurasa zilizofuata hazikuwa na cha kusubiriwa. Akisema "mpe dada mchumba", huyo mchumba ni tiba ya kubahatisha. Pengine alichokikosa ni mtu ambaye dada angemfichulia siri. Dakika 20 ni za kuchimba hapo: "Ulikuwa unatarajia nini pale?" Uliza, andika, usijitetee. Ukianza kumfafanulia kwa mdomo kisichomo kwenye kurasa, mkutano umegeuka.

Na kama unachotaka hasa ni kuunganishwa na mtayarishaji, si aibu. Iandikie barua yake, siku nyingine.