"Usimlishe sana, atashindwa kuzaa": dhana inayoua mbuzi na kondoo

Hii ya kumpunguzia mbuzi chakula mimba ikikua, eti mtoto asije akawa mkubwa, imenichosha jamani. Kila kiangazi naisikia, na wanaoisema ndio haohao wananipigia simu usiku mbuzi kalala chini.

Sikilizeni. Mbuzi na kondoo wanabeba miezi 5, na sehemu kubwa kabisa ya uzito wa mtoto inaongezeka kwenye wiki 6 za mwisho. Akiwa na mapacha tumbo limejaa watoto, nafasi ya majani imepungua, na wewe ndo unamletea mabua makavu! Anaanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake, ini linazidiwa, ketoni, yaani taka zinazotokana na mafuta hayo kuvunjwa, zinajaa kwenye damu. Watoto hawaachi kunyonya sukari ya mama eti kwa sababu umemnyima.

Kuna mfugaji pale Dodoma alikuwa na jike wa mapacha, zimebaki kama wiki 2. Kajitenga na wenzake, pumba hagusi, anasaga meno, ukimsogelea anagonga ukuta kama haoni, pumzi ina harufu tamu tamu hivi. Jamaa akamchoma antibayotiki siku mbili akijua ni homa. Nilipofika alikuwa hasimami tena, na akifika hapo kumwokoa ni bahati. Angeniita siku ile aliyosusa pumba tungemnywesha propilini glaikoli, dawa ya maji inayogeuka sukari mwilini, mililita 60 asubuhi na 60 jioni na angekuwa na nafasi nzuri.

Kinachotakiwa ni kuandika tarehe ya kupandishwa, basi. Ukifika siku ya 105 hivi anza na robo kilo ya pumba ya mahindi iliyochanganywa na mashudu ya alizeti, gawa mara mbili kwa siku, panda polepole mpaka kama nusu kilo akikaribia kuzaa, na majani mazuri yawepo muda wote, majani ya mti wa lukina ukiwa nayo mpe. Usimmwagie nusu kilo siku ya kwanza, tumbo litachachuka uje unilaumu mimi.

"Wangu mnene, hana shida." Mnene ndo ananitia wasiwasi zaidi! Mafuta ya tumboni yanabana nafasi ya chakula na ini lake linajaa mafuta haraka. Ila usimkondeshe sasa hivi, huo muda umeshapita, kama ni kupunguza mwili ungefanya kabla ya kumpandisha.

"Vitoto dhaifu ni ukoo." Mara nyingi ni njaa ya mama, wanazaliwa wadogo hawana akiba ya kujipasha joto na kiwele hakina maziwa ya kwanza ya kutosha. Aliyeshindwa kusimama kunyonya mkamulie mama yake umnyweshe ndani ya saa ya kwanza au mbili, wa kilo 3 mpe kama mililita 150 kwa mkupuo, na kama hana nguvu ya kunyonya kabisa usimmiminie mdomoni kwa chupa, yatapita mapafuni, mwite mtu anayejua kutumia mpira wa kupitisha maziwa mpaka tumboni.