Kitenge cha Mwatex na minofu ya sangara: dola zinatoka wapi?

Mwanza imezijaribu njia zote mbili za kujenga viwanda. Mwatex, kilichokuwa kiwanda cha umma, kilitengeneza nguo ili tusiagize za nje. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyoshamiri miaka ya 1990 vilijengwa kwa ajili ya kuuza nje.

Tuanze na nguo, kwa hesabu ya mfano. Kitenge cha nje kinafika bandarini kwa shilingi 10,000. Pamba, rangi na vipuri vya kutengeneza kitenge kama hicho hapa vina thamani ya 6,000. Pamba ni ya Usukuma, lakini ihesabiwe kwa bei ambayo ingeuzwa nje, kwa sababu tukiitumia hapa dola zake hatuzipati. Kazi ya kiwanda, basi, ina thamani ya 4,000.

Serikali ikiweka ushuru wa asilimia 50 kwenye kitenge cha nje, bei inakuwa 15,000. Kazi ileile sasa inalipwa 9,000, zaidi ya mara mbili. Ushuru ulioandikwa ni asilimia 50, lakini kinga halisi ya kiwanda ni asilimia 125, na anayeilipa ni mama anayenunua kitenge sokoni. Kinga hiyo inaweza kukipa kiwanda kichanga muda wa kujifunza. Inaweza pia kukilea kikabweteka.

Utakijuaje kilichokabweteka? Usiangalie faida yake. Uzi ukikatika ovyo na rangi ikimwagika, vitu vile vya 6,000 huweza kufika 10,500. Kikiuza kwa 15,000 bado kitaonyesha faida, huku nchi ikipoteza dola nyingi kuliko ambazo ingetumia kuagiza kitenge kilichokwisha kutengenezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipoadimika, viwanda vingi nchini vilikosa vipuri na mashine zikasimama. Viwanda vilivyojengwa ili kuokoa dola vilikuwa vinazisubiri hizo hizo dola.

Sangara huleta dola zake mwenyewe, lakini mnunuzi wake hana subira. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Viwanda na serikali vililazimika kuimarisha upimaji na ukaguzi. Hakuna ushuru wa nyumbani ambao ungewakinga. Ukomo wa njia hii ni ziwa lenyewe: mashine zaidi za kukata minofu haziongezi samaki majini.

Korea Kusini, kuanzia miaka ya 1960, ilizifunga njia hizi pamoja. Soko la nyumbani lililindwa, ila mikopo nafuu ilimwendea aliyeuza nje, na Rais Park Chung-hee aliongoza vikao vya kila mwezi vya kufuatilia mauzo hayo. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha nguo akija kuomba ushuru upandishwe, mimi ningemuuliza kwanza: mwaka wa ngapi utauza mita ya kwanza ya kitambaa nje ya nchi, na kwa bei gani?